Viduara Sawa kwa Wote

Kazi yangu shuleni ni kutunza maabara. Kwenye orodha ya watumishi nimeandikwa baada ya walimu na kabla ya mpishi, na nafasi hiyo inanifaa, kwa sababu watu wa katikati hawaulizwi maswali mengi. Fizikia nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu nilivyokabidhiwa nivifute vumbi. Nilianza na kitabu cha kwanza upande wa mlangoni nikaenda kwa mpangilio. Mada ya mwanga ilikuwa rafu ya tatu, kwa hiyo niliifikia nikiwa na miaka thelathini na tisa.

Shule yetu iko juu ya mji wa Morogoro, pale lami inapokoma na Uluguru kuanza. Asubuhi wingu hukaa juu ya paa la bwalo, na jua huingia maabara karibu saa nne. Naeleza hili kwa sababu kipindi ninachotaka kukisimulia kilipangwa saa nne, na sababu haikuwa jua. Sababu ilikuwa chai ya mgeni.

Mkuu wa shule, mtu mwenye nia njema anayefundisha Uraia, alirudi kutoka kwenye semina akiwa na maneno mawili mapya: kuta zinazoongea. Alitaka kila ukuta wa shule uchorwe kitu cha kufundisha. Muhula haukuisha, kuta zikaanza kuongea. Ukuta wa choo ulihimiza kunawa mikono mahali ambapo bomba halikuwa limefika. Ukuta wa stoo ulichorwa ramani ya Afrika, na Madagaska ikawekwa magharibi, kwa kuwa upande wa mashariki ulikuwa na bomba la maji ya mvua. Ilipofika zamu ya maabara, mkuu aliniita.

"Nataka kitu kigumu," alisema. "Cha kidato cha sita. Mgeni akikiona akae kimya kidogo."

Nilimchagulia mchoro ninaoupenda kuliko yote katika rafu ya tatu. Ni kanuni ya Mholanzi mmoja wa zamani, na inaelezeka kwa maneno machache. Mwanga unakuja kwa safu, kama mstari mnyoofu unaosogea mbele. Safu hiyo inakifikia kioo kinene kimshazari, kwa hiyo ncha yake ya kushoto inagusa kioo mapema na ya kulia inachelewa. Kila nukta ya kioo, mara tu inapoguswa, inaanza kutoa kiwimbi chake cha duara. Iliyoguswa kwanza imepata muda mrefu, kwa hiyo kiwimbi chake kimekua. Inayoguswa mwisho haijapata muda wowote, kwa hiyo haina kiwimbi bado. Ukipitisha mstari mmoja unaogusa migongo ya viwimbi vyote, umepata uso mpya wa wimbi. Viwimbi vilivyorudi juu hewani vinakupa mwanga ulioakisiwa. Vilivyoingia chini ndani ya kioo vinakwenda polepole, theluthi mbili tu ya mwendo wa hewani, kwa hiyo ni vidogo kwa kiasi hicho, na mstari wao unalala zaidi. Hapo ndipo mwanga unapopinda. Hakuna mtu aliyeuamuru upinde. Umepinda kwa sababu ya kuchelewa na kupunguza mwendo, basi.

Niliuchora vizuri kwenye karatasi ya mirabaraba, nukta tano, nikampa fundi wa mabango ambaye ana kibanda chake Mafiga na anajulikana kwa kuchora vichwa kwenye kuta za vinyozi. Siku aliyokuja kuchora mimi nilikuwa nimetumwa mjini kufuata spiriti ya taa. Niliporudi alasiri, rangi ilikuwa imekauka na fundi alikuwa anaosha brashi.

Mchoro ulikuwa mkubwa na safi. Mstari wa kioo ulikuwa na urefu wa mita moja na sentimita ishirini, umenyooka kabisa. Safu ya mwanga ilikuja kimshazari kutoka juu kushoto, rangi ya njano, inapendeza. Na kwenye mstari wa kioo kulikuwa na viduara vitano, vyote vya ukubwa mmoja, vimepangana kama vitumbua kwenye kikaango.

"Fundi," nilisema, "viduara hivi umevipimaje?"

"Mfuniko wa ndoo, mzee."

"Ndoo ipi?"

"Ya rangi. Ile ya lita ishirini. Kwani una ugomvi na ndoo?" Alikung'uta brashi. "Karatasi yako niliifuata, ila viduara ulikuwa umevichora kimoja kikubwa, kingine kidogo, kile cha mwisho hata sikioni. Nikasema huyu mzee mkono umemtetemeka. Nikakunyooshea."

"Vilitakiwa vipungue."

"Sasa mzee baba, si ungeandika? Mimi nimeona mchoro umepinda, nimeunyoosha. Halafu angalia, duara moja limefanya kazi mbili, nusu ya juu hewani, nusu ya chini kwenye kioo. Nimekuokolea rangi."

Alikuwa na haki kwenye jambo moja, nami nililiandika kwenye daftari langu la makosa siku hiyohiyo: sikuwa nimeandika vipimo. Nilidhani jicho la mtu litaona kwamba tofauti ile imekusudiwa. Jicho la fundi wa mabango limefundishwa kinyume chake, kwamba tofauti ni dosari, na ndiyo sababu wateja wanamwamini.

Lakini ukuta sasa ulikuwa unaongea, na ulikuwa unasema uongo wa aina mbili. Kwanza, viduara vikilingana, mstari unaovigusa migongo unalala sambamba na kioo. Maana yake mwanga wowote, utoke Mafiga au utoke Ngerengere, ukigonga kioo unapaa wima kwenda angani. Watu wawili waliosimama mmoja kushoto na mmoja kulia wasingeweza kuonana kwenye kioo hata siku moja. Pili, nusu ya juu ikilingana na nusu ya chini, maana yake mwanga unakwenda kwa kasi ileile ndani ya kioo na nje yake, yaani kioo ni hewa. Nilihesabu maneno ya kichwa cha mchoro, yaliyoandikwa kwa Kiingereza kwa herufi nyekundu: yalikuwa manne, na herufi zake zote zilikuwa sahihi.

Mambo yangeishia hapo, ukuta ungeongea na sisi tungezoea, kama tulivyozoea Madagaska. Lakini mwalimu wa Fizikia alikuwa bado hajathibitishwa kazini.

Alikuwa dada mwenye miaka ishirini na saba, ajira ya kwanza. Mwaka wake wa majaribio ulikuwa unakwisha, na mthibiti ubora wa shule alikuwa anakuja kukaa kwenye kipindi chake kimoja na kuandika taarifa. Taarifa ikiwa nzuri, anapata barua yake. Ikiwa mbaya, majaribio yanaongezwa mwaka mwingine, au anaambiwa asante. Mkuu alichagua kipindi mwenyewe: viwimbi, maabarani, mbele ya ukuta, ili ukuta nao uingie kwenye taarifa.

Mwalimu alikuja maabara siku tatu kabla. Alisimama mbele ya mchoro bila kuweka mkoba chini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, madamu."

"Hivi ni vya nani?"

"Mchoro ni wangu. Viduara ni vya ndoo."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Nikifundisha sawa, ukuta unanikana. Nikifundisha kama ukuta, kidato cha sita kinafeli, na mthibiti akiwa anajua, nafeli na mimi. Kama hajui, napita. Yaani inabidi niombe Mungu asijue."

Tulikwenda wote kwa mkuu, tukamweleza habari ya mfuniko wa ndoo. Mimi nilibeba karatasi mpya yenye vipimo, nimeiandika kwa wino: viwimbi vya hewani sentimita sitini, arobaini na tano, thelathini, kumi na tano, sifuri, vya ndani ya kioo arobaini, thelathini, ishirini, kumi, sifuri. Mkuu aliitazama kwa muda.

"Hebu nielewesheni," alisema. "Nukta hizi tano ni za kioo kimoja?"

"Ndiyo, mkuu," alisema mwalimu.

"Zinapata mwanga mmoja?"

"Mmoja."

"Sasa kwa nini hii ipewe sitini na hii ipewe sifuri?"

"Kwa sababu hii iliguswa mapema, mkuu. Imetangulia kuanza."

"Kwa hiyo aliyetangulia anachukua kila kitu." Mkuu aliegemea kiti. "Madamu, mimi nafundisha Uraia. Siwezi kuweka ukutani kitu kama hicho halafu nikaingia darasani kufundisha usawa. Na huku chini mmevipunguza tena. Vimekosa nini vya chini?"

"Kioo kinavipunguza mwendo."

"Ukuta umeshakaguliwa na bodi ya shule," alisema mkuu, kwa upole. "Umepigwa picha. Bodi ilisifia mpangilio wa viduara. Mimi nikiufuta leo, kesho nitaulizwa kwa nini niliuchora. Fundisha kilichopo."

"Hata kama si sahihi?"

"Sahihi ni kilichopitishwa."

Aliposema hivyo hakuwa anafanya mzaha, na naamini hadi leo kwamba alidhani anamlinda.

Tulirudi maabara. Mwalimu alikaa juu ya kigoda cha maabara akautazama ukuta. Aliuliza kama viduara vingeweza kuwa sahihi kwa namna yoyote. Nilimwambia ndiyo, nilikuwa nimeshafikiria. Kama safu ya mwanga ingekuja bapa, sambamba na kioo, nukta zote zingeguswa kwa pamoja na viwimbi vingelingana. Tungebadilisha mstari mmoja tu, ule wa njano. Na kama neno la kioo lingefutwa pakaandikwa hewa, nusu za chini nazo zingekuwa za haki.

"Hapo mchoro unakuwa sahihi," alisema.

"Kabisa."

"Na unaonyesha nini?"

"Mwanga unaopita hewani bila kukutana na kitu."

"Basi tuuache," alisema. Halafu akatazama chini. "Sakafu imepitishwa na bodi?"

Sakafu ya maabara ni saruji laini, naipiga deki kila siku mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuitungia sera. Kwa siku mbili, baada ya vipindi, tulifanya kazi pale chini kwa chaki na uzi. Jambo aliloliona yeye, ambalo mimi kwa miaka yote ya rafu ya tatu sikuliona, ni kwamba mchoro ule ni taarifa ya mwisho ya jambo linalotokea hatua kwa hatua, na wanafunzi wanapewa mwisho bila kupewa hatua. Alitaka waone viwimbi vinakua.

Siku yenyewe mthibiti alifika saa nne na dakika kumi, baada ya chai. Alikuwa mama wa makamo, mwenye fomu yenye safu nyingi na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye ubao wa kuandikia. Alikaa nyuma karibu na meza yangu. Mkuu alikaa pembeni yake, ameelekea ukutani, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlima.

Kwa kanuni somo hufundishwa kwa Kiingereza, na kuelewa hufanyika baadaye kwa Kiswahili. Mwalimu alisema sentensi zake za Kiingereza zilizotakiwa, akaandika kichwa cha somo ubaoni, halafu akawaomba wanafunzi wasogeze meza. Mkuu aligeuka.

Sakafuni kulikuwa na mstari wa kioo, mita moja na sentimita ishirini, na nukta tano kila baada ya sentimita thelathini. Wanafunzi watano walichuchumaa kwenye nukta wakiwa na uzi wenye mafundo, fundo kila sentimita kumi na tano, na kipande cha chaki mwishoni. Wawili wengine walishika mpini wa fagio. Huo ulikuwa safu ya mwanga. Waliuweka kimshazari, digrii thelathini na mstari wa kioo, ncha ya kushoto ikiwa juu ya nukta ya kwanza.

"Nikipiga kofi moja, mwanga unasogea fundo moja," alisema mwalimu, sasa kwa Kiswahili. "Mpini usigeuke, uende mbele vilevile ulivyolala. Ukiguswa na mpini, kofi linalofuata unaachia fundo moja, na kila kofi fundo moja. Hujaguswa, tulia. Usimwonee wivu mwenzako."

Nukta ya kwanza ilikuwa imeshaguswa. Kofi la kwanza, ikaachia fundo, na mpini ukagusa nukta ya pili. Kofi la pili, ya kwanza ikawa na mafundo mawili na ya pili moja, mpini ukafika ya tatu. Baada ya kofi la nne mpini ulikuwa unagusa nukta ya mwisho, na kijana aliyekaa pale alikuwa ameshika uzi wake wote mkononi.

"Mimi sijafanya chochote, madamu," alisema.

"Na ndiyo kazi yako. Kila mtu achore nusu duara upande wa juu kwa uzi aliouachia."

Walichora: sitini, arobaini na tano, thelathini, kumi na tano, na yule wa mwisho akaweka nukta tu. Mwalimu alichukua ubao mrefu, akauweka kuanzia nukta ya mwisho, akausogeza hadi ukagusa mgongo wa kila kiduara. Ulivigusa vyote kwa mara moja. Alipima pembe: digrii thelathini, upande wa pili. Mwanga ulikuwa umeakisiwa kwa pembe ileile uliyojia, na hakuna aliyekuwa ameukariri.

Halafu alibadilisha nyuzi akawapa zenye mafundo ya sentimita kumi. "Sasa tunaingia ndani ya kioo. Makofi ni yaleyale, muda ni uleule, hatua ni fupi." Wakarudia, wakachora upande wa chini. Ubao ukawekwa tena. Pembe ilikuwa chini kidogo ya digrii ishirini. Mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekuwa ameshika fagio, alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe unapinda kwa sababu ya kuchelewa," na mwenzake akamwambia, "Basi wewe ungekuwa umepinda zamani, kila siku unachelewa paredi." Walicheka. Mthibiti hakucheka, lakini alikuwa ameacha kuandika.

Aliinua kalamu akaielekeza ukutani.

"Mwalimu, mchoro ule na huu wako inatofautiana. Upi ndio?"

Mkuu alikuwa anamtazama mwalimu. Jibu moja lilikuwa barua, jibu jingine lilikuwa mwaka mwingine wa majaribio.

"Huu wa sakafuni," alisema mwalimu. "Ule una makosa mawili."

Mthibiti alimgeukia msichana wa fagio. "Wewe, unaweza kuyataja?"

Msichana alisimama. Aliutazama ukuta, akatazama sakafu. "Kule juu wote wameanza pamoja, mama, wakati mpini umewafikia mmoja mmoja. Na wa chini wanatembea hatua ndefu kama wa juu, utadhani hawajaingia kwenye kioo."

"Kwa hiyo mwanga ule wa njano unaenda wapi?"

"Unapaa tu juu, mama. Na mwingine unashuka tu chini."

Mthibiti alimgeukia mkuu wa shule. Nimemfanyia kazi mkuu huyo miaka mingi na sijawahi kumwona akifikiri kwa kasi namna ile.

"Ndiyo lengo lenyewe," alisema mkuu. "Ule ni ukuta wa kutafuta makosa. Tumeona tukichora kilicho sahihi wanakariri tu. Tukakusudia."

"Mlikusudia," alisema mthibiti.

"Kwa makusudi kabisa. Tulitumia mfuniko wa ndoo."

Mthibiti aliandika kwa muda mrefu. Fomu yake, niliyokuwa naiona kwa pembeni, ilikuwa na safu ya zana, safu ya ushirikishwaji, safu ya muda na safu ya usafi. Haikuwa na safu ya kama kilichofundishwa ni kweli. Nadhani aliyeitunga aliona hilo linajulikana.

Taarifa ilikuja baada ya wiki kadhaa. Mwalimu alithibitishwa. Alikuja nayo maabara pamoja na barua yake, akanisomea sehemu inayomhusu, kwamba ametumia kwa ubunifu zana ya ukutani. Alirudia sentensi hiyo mara mbili.

"Zana ya ukutani hata sikuigusa."

"Uliipinga mbele ya watu."

"Na ndiyo imenithibitisha." Aliikunja barua polepole. "Nimwandikie mthibiti kumsahihisha?"

Nilimwambia barua akaiweke nyumbani kwanza, ya kumsahihisha aandike akishapumzika. Hakuandika, nami sikumkumbusha. Siwezi kusema tulifanya vizuri. Alikuwa amesema ukweli pale ulipokuwa unamgharimu, nikaona kwa mwaka ule inatosha.

Sehemu ya mwisho ya taarifa ilihusu shule. Ilipendekeza ukuta wa makosa yaliyokusudiwa uendelezwe, na shule jirani zije kujifunza. Fundi wa Mafiga aliitwa tena akaandika chini ya mchoro, kwa herufi nyekundu, TAFUTA MAKOSA MAWILI. Mkuu akaniuliza kama naweza kumpatia kosa moja la Kemia na moja la Baiolojia, yasiwe makubwa sana, ya kiwango cha kidato cha nne. Nilimjibu kwamba kwa sasa sina akiba.

Asubuhi moja niliandika kwa penseli, kwenye kona ya chini ya mchoro, vile vipimo vyangu: sitini, arobaini na tano, thelathini, kumi na tano, sifuri, na vya kioo chini yake. Sikuona ubaya. Kabla ya chai mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe ndiye umeandika pale?"

"Ndiyo, mkuu. Ni vipimo sahihi."

"Najua ni sahihi, ndiyo shida yenyewe. Lile ni swali. Majibu hayakai karibu na swali, mtu mzima kama wewe unajua. Vifute."

Nilivifuta. Kwa hiyo hivi sasa, katika shule yetu, mchoro wenye makosa unalindwa kwa taarifa ya mthibiti, na ulio sahihi hauruhusiwi ukutani. Mwalimu anauchora sakafuni kila mwaka kidato kipya kinapofika kwenye mada hiyo, kwa uzi, makofi na mpini wa fagio, na watoto wanaelewa. Kipindi kikiisha anaosha mikono, ananiambia, "Mzee wangu, samahani kwa uchafu," nami napiga deki.